Barua ya Bibi kwa Mwenyekiti: Zuberi na Zubeir Ni Mtoto Mmoja

Mwalimu mkuu akikuta kadi ya kliniki imeandikwa Zuberi Hamisi Mbelwa na cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Zubeir Khamis Mbelwa, kwa kawaida hamrudishi mtoto nyumbani moja kwa moja. Humwambia aliyemleta: "Nenda serikali ya kijiji, ulete barua kwamba huyu ni mtu mmoja." Aliyemleta, mara nyingi sana, ni bibi. Baba na mama wako mjini wanatafuta riziki, mtoto kalelewa kijijini tangu alipoachishwa ziwa, na karatasi zake zimekuja kwenye bahasha na basi la usiku.

Bibi akifika ofisini, mwenyekiti naye humrudisha hatua moja nyuma. "Bibi, andika kwanza wewe, unieleze hali ilivyo, nami nitathibitisha." Watu wengi huona huo ni usumbufu. Mimi naona mwenyekiti yuko sahihi. Hawezi kuthibitisha jambo ambalo hakuna aliyelisema kwa maandishi, na likija kuulizwa baadaye, barua ya bibi ndiyo itakayokaa kwenye jalada kuonyesha alithibitisha nini na aliambiwa na nani. Makala haya yanahusu barua hiyo ya kwanza, ya bibi: iseme nini, inyamazie nini, na iishie wapi. Mfano nitakaoufuata ni wa kijiji cha wilaya ya Muheza, mkoani Tanga. Majina ni ya kubuni, ila mkanganyiko wake ni wa kila siku.

Kwanza tuelewe mwalimu anahofia nini, maana barua isiyojibu hofu yake haitamsaidia. Anajua fika kwamba Hamisi na Khamis ni jina moja, na pengine yeye mwenyewe ana ndugu anayeliandika namna zote mbili. Hofu yake ni kwamba karatasi mbili zinaweza kuwa za watoto wawili. Pwani na sehemu nyingine nyingi za nchi, wajukuu hupewa jina la babu. Mzee Zuberi akiwa na watoto watano, si ajabu akawa na wajukuu watatu wanaoitwa Zuberi, na wawili kati yao wanalala nyumba moja. Mtoto ambaye hana cheti anaweza kuandikishwa kwa cheti cha binamu yake, kwa nia njema kabisa, ili tu asikose shule. Miaka saba baadaye binamu naye anataka kutumia cheti chake, na hapo ndipo mambo yanaharibika. Kwa hiyo swali ambalo barua inapaswa kulijibu ni hili: je, karatasi hizi zote mbili ni za mtoto huyuhuyu aliyesimama hapa? Namna ya kuandika jina inakuja baada ya hapo.

Kabla ya kushika kalamu, bibi, au yule kijana anayemsaidia, azipange karatasi mbele yake na kuzisoma kidole juu ya herufi. Namaanisha hivyo hasa. Jina likizoeleka masikioni, jicho halisomi, linakumbuka tu. Nimeona barua iliyotetea "Zuberi na Zubeir" wakati cheti kilisema "Zubeiri", na mwalimu akabaki na maandishi matatu badala ya mawili. Soma jina la mtoto, jina la baba na jina la ukoo, moja moja. Kisha linganisha mambo yasiyotegemea tahajia: tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, mahali alipozaliwa. Hayo ndiyo yatakayobeba barua. Majina yakitofautiana kwa herufi lakini tarehe ya kuzaliwa na jina la mama vikawa vilevile kwenye karatasi zote, kazi ni nyepesi. Kwa Zuberi wetu, kadi na cheti vyote vinasema alizaliwa tarehe 14 Machi 2020, na mama yake ni Mwanaidi Salehe. Hapo bibi ana pa kusimama.

Chunguza pia tofauti imetoka wapi, ukiweza kuijua kwa hakika. Kadi ya kliniki huandikwa na muuguzi kwa kusikia. Mama anasema "Zuberi Hamisi" na muuguzi, mwenye foleni ya kina mama mlangoni, anaandika alivyosikia. Cheti kimeombwa na baba, na baba ameandika jina lake kama lilivyo kwenye kitambulisho chake cha taifa, yaani Khamis, na la mtoto akaliandika kwa mtindo huohuo, Zubeir. Hakuna aliyekosea. Ndiyo maana bibi hana haja ya kuandika kwamba "karani wa usajili alikosea". Hakuwepo, hajui, na akisema hivyo anamlazimisha mwenyekiti kuthibitisha kosa la ofisi nyingine, jambo ambalo mwenyekiti mwenye akili timamu hatalifanya. Aseme tu alichokishuhudia: kadi ilijazwa kliniki kwa namna moja, cheti kikatolewa kwa namna nyingine, mtoto ni yuleyule.

Sasa uamuzi mmoja lazima ufanyike nyumbani kabla ya barua kuandikwa, na ndio ambao familia nyingi huuruka: jina litakaloandikwa kwenye kitabu cha shule ni lipi? Barua nyingi huishia na sentensi ya upole, "majina yote mawili ni yake na yanaweza kutumika." Sentensi hiyo inaonekana ya busara, lakini ni mtego. Mwalimu wa awali atatumia moja, mwalimu wa darasa la tatu atatumia jingine, na mtoto ataingia kwenye mitihani akiwa na majina mawili ambayo bibi ameyahalalisha kwa mkono wake.

Ushauri wangu hauna mzunguko: andikisha kwa jina la cheti cha kuzaliwa, hata kama nyumbani hakuna anayeliita. Shule ya msingi Tanzania humsajili mwanafunzi kwenye mfumo wa PREM wa Baraza la Mitihani, akapata namba inayomfuata akihama shule na akifanya mitihani ya taifa ya shule ya msingi. Jina lililoingizwa humo ndilo linaloendelea naye sekondari, na hatimaye ndilo linalochapwa kwenye cheti cha kidato cha nne. Akifika umri wa kuomba kitambulisho cha taifa, ataulizwa cheti cha kuzaliwa pamoja na vyeti vya shule. Akiomba mkopo wa elimu ya juu, cheti chake cha kuzaliwa lazima kiwe kimehakikiwa na RITA, na hapo ndipo vijana wengi hugundua kwamba Zuberi wa kidato cha nne na Zubeir wa cheti cha kuzaliwa hawatambuani. Kijana huyo wa miaka kumi na tisa hukimbilia kwa wakili kutafuta hati ya kiapo, dirisha la maombi likiwa linakaribia kufungwa. Bibi anaweza kumwepusha na hayo yote kwa sentensi moja, mtoto akiwa bado darasa la awali.

Kuna hali moja ya kufikiria tofauti: pale cheti chenyewe kina kosa la kweli, kwa mfano kimeandika "Zubei", au jina la baba limeandikwa la mtu mwingine. Hapo barua ya bibi si dawa. Nitaifikia.

Ukishaamua, andika. Barua ifuatayo inatosha. Isizidi ukurasa mmoja, maana mwenyekiti ataisoma akiwa amesimama.

Kijiji cha ……………,
Kitongoji cha ……………,
Wilaya ya Muheza, Tanga.
Simu: ……………

10 Novemba 2025

Mwenyekiti wa Serikali ya Kijiji,
Kijiji cha ……………,
Wilaya ya Muheza.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: UTHIBITISHO KUWA ZUBERI HAMISI MBELWA NA ZUBEIR KHAMIS MBELWA NI MTOTO MMOJA

Mimi ni Mwanahamisi Zuberi Mbelwa, mkazi wa kitongoji tajwa hapo juu. Ni bibi mzaa baba wa mtoto anayetajwa katika barua hii. Ninaishi naye na kumlea tangu mwaka 2022. Wazazi wake, Khamis Mbelwa na Mwanaidi Salehe, wanafanya kazi Dar es Salaam, nao wanajua kwamba nakuandikia.

Mtoto huyu alizaliwa tarehe 14 Machi 2020. Kadi yake ya kliniki imeandikwa ZUBERI HAMISI MBELWA. Cheti chake cha kuzaliwa chenye namba …………… kimeandikwa ZUBEIR KHAMIS MBELWA. Tarehe ya kuzaliwa na jina la mama ni vilevile katika karatasi zote mbili.

Nathibitisha kwamba majina hayo ni ya mtoto mmoja, mjukuu wangu, na tofauti iliyopo ni ya namna ya kuandika tu. Katika nyumba yangu yuko pia mjukuu mwingine aitwaye Zuberi Omari, aliyezaliwa mwaka 2017, ambaye ni mtoto mwingine na tayari anasoma.

Naomba mtoto aandikishwe darasa la awali kwa jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa, yaani ZUBEIR KHAMIS MBELWA, na jina hilo pekee litumike katika kumbukumbu zote za shule.

Naomba ofisi yako inithibitishie hayo kwa Mwalimu Mkuu. Nimeambatisha nakala ya cheti cha kuzaliwa, nakala ya kadi ya kliniki na nakala ya kitambulisho changu.

Wako,

(Sahihi)
Mwanahamisi Zuberi Mbelwa

Mashahidi: majina, sahihi na namba za simu za majirani wawili.

Tuipitie. Kichwa cha barua kinabeba majina yote mawili kwa herufi kubwa kwa sababu ndicho kitakachosomwa kwanza, na huenda kikasomwa peke yake. Mtu akitafuta barua hii kwenye jalada mwaka ujao, ataitambua bila kuisoma yote. Andika majina hayo matatu matatu, kamili, kila unapoyataja kwa mara ya kwanza. "Zuberi na Zubeir" peke yake halimtambulishi mtu.

Aya ya kwanza inamweleza mwenyekiti kwa nini huyu anayeandika ana haki ya kusema. Bibi asiandike tu "mlezi". Aseme ni bibi wa upande gani, ameanza kumlea lini, na wazazi wako wapi. Pale anaposema wazazi wanajua, awe kweli amewapigia simu, maana mwenyekiti makini ataomba namba ya baba na kupiga palepale. Ikiwa mzazi amefariki, iandikwe hivyo waziwazi. Kama mzazi hajulikani alipo, iandikwe pia. Sentensi ya kweli yenye aibu kidogo ni bora kuliko pengo ambalo mwenyekiti atalijaza kwa dhana zake.

Ile sentensi kuhusu Zuberi mwingine wengi wangeiacha, wakiogopa kuleta maswali. Mimi naiona ndiyo sentensi yenye nguvu kuliko zote kwenye barua. Mwenyekiti anajua nyumba ile ina Zuberi wawili, na mwalimu labda anamfundisha yule mkubwa. Bibi akinyamaza, kunyamaza kwake kunatia shaka. Akimtaja na kusema huyu ni wa 2017 na huyu ni wa 2020, shaka imejibiwa kabla haijaulizwa. Kama nyumbani hakuna mjukuu mwingine wa jina hilo, aseme pia: "Hakuna mtoto mwingine wa jina hili katika nyumba yangu."

Neno "nathibitisha" litumike mara moja tu, kwa jambo ambalo bibi analijua mwenyewe. Anaweza kuthibitisha kwamba mtoto ni mmoja, kwa sababu amemlea. Hawezi kuthibitisha kwamba cheti ni halali, hiyo ni kazi ya RITA. Wala asiingize majina ya utani. Mtoto akiitwa Zuu au Babu mtaani, hilo halimhusu mwalimu mkuu, na kila jina linaloongezwa kwenye barua ni jina jingine la kuelezea.

Kuna jambo dogo linalokwamisha barua nyingi nzuri: jina la bibi mwenyewe. Barua imesainiwa Mwanahamisi Zuberi, kitambulisho cha taifa kimeandikwa Mwana Hamisi Zuberi, na kadi ya mpiga kura ina jina la tatu. Anayekuja kueleza majina mawili ya mjukuu anafika na matatu ya kwake. Basi atie sahihi kama kitambulisho alichoambatisha kinavyosema, herufi kwa herufi, hata kama yeye mwenyewe hajapata kujiandika hivyo.

Bibi asiyejua kusoma na kuandika ana haki ileile ya kuandikiwa. Mwandishi, awe mjukuu mkubwa au jirani, amsomee barua nzima kwa lugha anayoielewa vizuri, iwe Kiswahili au Kibondei, kisha bibi aweke dole gumba. Chini ya alama hiyo mwandishi aandike: "Barua hii imeandikwa nami kwa maelezo ya Mwanahamisi Zuberi Mbelwa, nimemsomea, ameielewa na kuweka dole gumba mbele yangu," kisha ataje jina lake kamili na kutia sahihi. Mwandishi huyo asiwe mmoja wa wale mashahidi wawili. Na tafadhali, usimtilie bibi sahihi kwa niaba yake kwa sababu "ni jambo dogo tu". Mwenyekiti akimuuliza kama hiyo ni sahihi yake, bibi atasema kweli, na barua itakufa hapohapo.

Mashahidi wawe watu ambao mwenyekiti anaweza kuwaita. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024, na vijiji vingi vilipata mwenyekiti mpya ambaye hakuwa ofisini wakati mtoto analetwa kijijini. Kama hamjui mtoto, atawategemea majirani. Mwenyekiti wa kitongoji ni shahidi mzuri kuliko wote, kwa kuwa anaishi karibu na nyumba na ana cheo cha kuulizwa. Mkunga, mwalimu wa madrasa, jirani wa ukuta kwa ukuta, hao pia wanafaa. Ndugu wa damu anafaa kidogo, kwa sababu anahesabiwa kuwa upande wa bibi.

Barua itolewe nakala mbili, na bibi abaki na moja iliyogongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Kinachofuata ni kazi ya ofisi. Kwa kawaida mwenyekiti humpa Afisa Mtendaji wa Kijiji aandae barua yenye kumbukumbu namba kwenda kwa mwalimu mkuu. Mjini ni Afisa Mtendaji wa Mtaa. Viongozi nao nawapa neno, kwa kuwa barua zao hunishangaza kuliko za mabibi. Kiongozi athibitishe anachokijua: kwamba anamfahamu bibi, kwamba mtoto anaishi hapo, kwamba ameziona karatasi zote mbili za asili na majirani wamemtambua mtoto mmoja, na kwamba familia imeomba jina la cheti litumike. Asiandike kwamba "jina sahihi ni Zuberi" wala kwamba cheti kirekebishwe, hana mamlaka hayo. Na asigonge muhuri kwenye cheti cha kuzaliwa chenyewe, kama nilivyopata kuona. Cheti ni hati ya RITA. Muhuri wa kijiji hauongezi kitu juu yake, na huenda ukaleta maswali siku ya kuhakikiwa.

Jambo hilohilo liwafikie na walio nyumbani: mtu asishike kalamu akarekebisha kadi au cheti ili majina yalingane. Kuongeza "K" mbele ya "Hamisi" huchukua sekunde moja, na kunageuza karatasi halali kuwa karatasi iliyochezewa. Barua ya bibi inaweza kueleza tofauti ya herufi, lakini haiwezi kueleza wino wa rangi mbili.

Sasa mipaka. Barua hii inafaa pale tofauti ni ya kuandika jina lilelile: Zuberi na Zubeir, Ramadhani na Ramadhan, Athumani na Athuman, Emanueli na Emmanuel, Jafari na Jafali kule ambako "r" na "l" hubadilishana. Kipimo changu ni sikio la mgeni. Mtu asiyeijua familia akisomewa majina mawili, atasema ni jina moja? Salimu na Salumu yanakaribiana, lakini ni majina mawili, na watoto wawili wa baba mmoja wanaweza kuitwa hivyo. Yohana na John, hata kama asili yao ni moja, mwalimu ana haki ya kuyaona tofauti. Bakari na Abubakari pia. Hapo barua ya bibi itumike kama kiambatisho tu, na mzazi aende akaape hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo, ambaye anaweza kuwa wakili, au mahakamani mbele ya hakimu. Akikabidhiwa, aangalie sehemu ya mwisho ya hati. Lazima ionyeshe mahali na tarehe kiapo kilipofanyika, pamoja na jina na muhuri wa aliyeapisha. Kiapo kisicho na mahali au tarehe kina kasoro ya kisheria, na kasoro hizo hutokea zaidi ya unavyodhani, kwa sababu sehemu hizo huachwa wazi zijazwe kwa mkono kisha zikasahaulika.

Tarehe za kuzaliwa zikitofautiana, usiandike barua. Cheti kikisema 2020 na kadi ikasema 2019, hilo halihusu tahajia tena, na bibi akilitolea ushahidi wa kumbukumbu zake atajiingiza mahali pabaya. Vivyo hivyo jina la mama likiwa tofauti, au jina la baba likiwa la mtu mwingine kabisa. Hayo ni ya RITA. Usajili wa vizazi uko chini ya Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, na marekebisho ya cheti hufanywa na msajili baada ya kuona vielelezo, kama tangazo la kizazi kutoka hospitali, kadi ya kliniki na vitambulisho vya wazazi. Ofisi za wilaya hupokea maombi hayo. Huchukua muda, kwa hiyo yaanze mapema, na mwalimu mkuu aombwe ampokee mtoto wakati marekebisho yakiendelea. Cheti chenye kosa la herufi moja kwenye jina la mtoto, kama ile "Zubei", nacho kipelekwe huko sasa, mtoto akiwa na miaka mitano, kuliko kumjengea kumbukumbu zote za shule juu ya jina lenye kasoro.

Barua ikikubaliwa, bado kuna hatua ambayo karibu kila familia huisahau. Siku ya kuandikisha, bibi aombe kwa adabu aoneshwe jina lilivyoandikwa kwenye kitabu cha kuandikishia wanafunzi. Mwalimu aliyemsikia bibi akiita "Zuberi! Njoo umsalimie mwalimu!" anaweza kuandika Zuberi huku barua ya Zubeir iko mezani pake. Kisha, wanafunzi wanapoingizwa kwenye mfumo, mzazi apige simu au afike kuuliza namba ya PREM ya mtoto na jina lililo mbele yake. Kosa likionekana mapema, mwalimu ana nafasi ya kulirekebisha kabla halijasambaa. Likikaa mpaka usajili wa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, kila mtu atakuwa na haraka. Likikaa mpaka cheti cha kidato cha nne kichapwe, familia itaingia kwenye viapo na nauli. Mtoto mwenyewe afundishwe mapema kuandika Zubeir kwenye jalada la daftari, na bibi aendelee kumwita Zuberi atakavyo.

Kwa walio Zanzibar, barua hii huenda kwa sheha, ambaye huteuliwa na serikali, wala hachaguliwi kama mwenyekiti wa kijiji, na masuala ya vyeti yako kwa wakala wa usajili wa huko, si RITA. Kenya huenda kwa naibu wa chifu au chifu. Huko uamuzi wa kufuata jina la cheti una uzito uleule, kwa kuwa mfumo wa NEMIS ulimsajili mwanafunzi kwa taarifa za cheti cha kuzaliwa. Maneno ya barua yanaweza kubaki karibu yaleyale.

Muhula wa kwanza wa shule za msingi Tanzania Bara huanza Januari, na uandikishaji wa awali na darasa la kwanza huanza miezi kadhaa kabla. Mwenye mjukuu wa umri huo azitoe karatasi sandukuni sasa na kuzisoma herufi kwa herufi. Zikitofautiana, aende kwa mwenyekiti mwezi Novemba, kabla ya sikukuu, wakati mtendaji yuko ofisini na foleni bado fupi.